Laivu ya saa mbili, watu 3,120 waliingia, 41 ndio waliotoa zawadi. Hawa 41 waliguswa na nini?

#1 Daftari_Jeusi
Mbukwenyi wakuu. Mdogo wangu anapiga ilimba, ala yetu ya Kigogo ya vyuma, laivu TikTok kila Ijumaa saa 3 usiku, hapa nyumbani Chamwino. Yeye anapiga, mimi nakaa pembeni na daftari. Wiki iliyopita nilirekodi skrini mwanzo hadi mwisho, kisha nikarudia kuangalia na kuandika dakika ambayo kila mtu alituma zawadi yake ya KWANZA usiku ule. Zawadi za pili na za tatu sikuziandika, maana mmoja alituma waridi 60 mfululizo, ningejiona nimepata watu 60.

Laivu ilikwenda dakika 120. Walioingia ni watu 3,120. Kwa wastani, chumbani kulikuwa na watu 62 kwa wakati mmoja. Waliotoa ni 41. Kwa sehemu za usiku:

Nyimbo dakika 58, watoaji wapya 9.
Kusoma majina na salamu dakika 34, watoaji 12.
Mechi nne za kushindana pointi za zawadi na mwenye laivu mwingine, dakika tano tano, watoaji 14.
Dakika 8 utando wa buibui unaoipa ilimba mvumo, ule wa kwenye tundu, ulipasuka, dogo akawa anabandika mwingine huku anaeleza unakopatikana. Watoaji 6.

Yeye anasema Ijumaa ijayo ni mechi tu, nyimbo tupunguze. Mimi moyo haukubali. Nani ana uzoefu wa kupima hivi vitu?

#2 Kijiwe_Nonga
Nimewahi siti ya mbele. Karanga ziko wapi?

#3 Bosi_wa_Mechi
Dogo yuko sahihi. Mimi nasimamia vijana kadhaa wa laivu, naongea kitu nakijua. Mechi ndiyo mpango mzima, hasa dakika ya mwisho pointi zikikaribiana, watu wanapandwa na mori. Nyimbo ni za kupumzikia tu.

Halafu hesabu yako inakuvunja moyo bure. Chukua watoaji 41 gawa kwa watu 62 waliokuwepo. Hiyo ni asilimia 66! Watu wako wanatoa sana.

#4 Mkaguzi_Ilazo
Bosi wa Mechi, hapo kwenye 66 umeteleza. Hao 62 hawakuwa watu walewale saa mbili nzima. Ni kama daladala ya Majengo: muda wowote ina abiria ishirini, lakini mpaka jioni imebeba mia kadhaa. Huwezi kuchukua waliolipa nauli siku nzima ukawagawa kwa viti.

Daftari, kwanza tuhakikishe namba zako zinaongea lugha moja. Watu 62 mara dakika 120 ni dakika 7,440 za kutazama. Gawa kwa watu 3,120, kila mmoja amekaa dakika mbili na sekunde ishirini na kitu. Angalia kwenye ripoti ya laivu, muda wa wastani wa kutazama ni ngapi?

#5 Daftari_Jeusi
Dakika 2 sekunde 21.

#6 Mkaguzi_Ilazo
Safi, zimeoana. Ingekuwa dakika sita ningejua hiyo 3,120 ni idadi ya kuingia na siyo ya watu. Mtu akitoka na kurudi mara tatu anahesabiwa mara tatu, na wengi wanachanganya hizo namba mbili.

Sasa 41 kwa 3,120 ni asilimia 1.3. Ni kweli, ila haikusaidii kitu, maana wengi wa hao 3,120 waliteleza na kidole wakapita, hata ilimba hawakuisikia. Mama ntilie hahesabu kila anayepita barabarani mbele ya banda lake. Watu wangapi waliandika komenti?

#7 Daftari_Jeusi
206. Na kati ya wale 41, wenye komenti ni 33.

#8 Mkaguzi_Ilazo
Basi kati ya waliofungua mdomo, 33 kwa 206, asilimia 16. Huyo ndiye mteja aliyevuta kiti. Usiku mmoja TikTok ikikumwagia wapita njia elfu kumi, ile 1.3 itaporomoka na utadhani dogo amechuja. Hii 16 haitatikisika sana. Andika zote mbili kila Ijumaa.

#9 Mama_Zabibu_Hombolo
Samahanini wanangu. Hizo zawadi zinachukuliwa wapi? Mimi huwa naangalia mpaka mwisho na sijawahi kupewa hata kanga.

#10 Kijiwe_Nonga
😂😂😂 Mama, mtazamaji ndiye anayetoa! Wewe unadaiwa.

#11 Mama_Zabibu_Hombolo
Kumbe. Basi naangalia bure na nitaendelea hivyohivyo.

#12 Daftari_Jeusi
Mama Zabibu shikamoo, wewe ni mmoja wa wale 3,079. Karibu tu.

Mkaguzi, swali langu la sehemu za usiku bado.

#13 Mkaguzi_Ilazo
Nakuja. Kulinganisha 9 na 14 hivihivi ni kuonea nyimbo au kuzipendelea, hatujui. Mechi zilichukua dakika 20 tu, lakini pengine chumba kilijaa. Nipe wastani wa watu waliokuwepo kwa kila sehemu. Rekodi unayo, soma ile namba ya juu ya skrini kila baada ya dakika moja.

#14 Daftari_Jeusi
Imenichukua usiku mzima, bando limekata na umeme ukafuata. Nyimbo wastani watu 55. Majina 48. Mechi 110. Kubandika utando 52.

#15 Mkaguzi_Ilazo
Zidisha watu kwa dakika. Nyimbo 3,190, majina 1,632, mechi 2,200, utando 416. Jumla 7,438, imekaa karibu kabisa na ile 7,440. Halafu watoaji wapya kwa kila dakika elfu za kutazama. Kama A ni jina la sehemu, B watoaji, C dakika za kutazama:

```
=B2/C2*1000
```

Nyimbo 2.8. Majina 7.4. Mechi 6.4. Utando wa buibui 14.4.

Mechi inaonekana kubwa kwa sababu inajaza chumba. Mtu mmoja akishakuwa ndani, ukimsomea jina yuko tayari kutoa sawasawa na ukimpigia mechi.

#16 Bosi_wa_Mechi
Mkuu, kujaza chumba si ndiyo kazi yenyewe? Hayo mahesabu yanaiadhibu mechi kwa kuleta watu. Halafu mnahesabu vichwa, mimi nahesabu almasi, yaani mapato yanayotokana na zawadi. Waridi ni koini 1, simba ni 29,999. Mtu mmoja wa simba anawameza watu wako wote wa waridi. Daftari, almasi nyingi ziliingia wapi?

#17 Daftari_Jeusi
Kwenye mechi, hapo sikufichi. Kama asilimia 70 ya almasi za usiku mzima. Ila ni watu wawili tu.

#18 Mkaguzi_Ilazo
Bosi ana hoja kuhusu kujaza chumba, naipokea. Ila 70 kwa mia kutoka kwa watu wawili ni habari za watu wawili. Mmoja akipata shughuli Ijumaa ijayo, "nguvu ya mechi" imeondoka naye. Ndiyo maana mapato na vichwa ni vitabu viwili tofauti. Ukivichanganya unaishia kumpima tajiri mmoja ukidhani unapima wimbo.

#19 Bajaji_Makulu
Mimi ni mmoja wa hao 41, nilimpa waridi tano. Unajua kwa nini? Alitaja Mpwapwa. Nilikuwa nimepaki Sabasaba nasubiri abiria, nikasikia "salamu kwa watu wa Mpwapwa", mkono ukaenda wenyewe. Habari za utando nilikuwa sijaziona kabisa.

#20 Daftari_Jeusi
Kaka asante sana! Ila kwenye daftari zawadi yako iko ndani ya wimbo, dakika ya 47. Mpwapwa aliitaja dakika ya 43.

#21 Bajaji_Makulu
Sikuwa na koini. Nikatoka kwenda kununua, ikazunguka weee, nikarudi. Ndipo nikatuma.

#22 Mkaguzi_Ilazo
Hii komenti ya Bajaji ina thamani kuliko hesabu zangu zote. Mwenye koini mkononi anatuma sekunde chache baada ya kuguswa, na hizo chache ni za picha kuchelewa kufika. Asiye nazo anachelewa dakika kadhaa, na zawadi yake inaangukia sehemu isiyohusika. Kwa mtoaji wa mara ya kwanza kabisa maishani hili ni kubwa zaidi. Daftari, jaribu kuwahesabu upya kwa kurudi nyuma dakika nne, uone nani anabadilisha kambi.

#23 Mtoto_wa_Tanga
Nyie wa bara mnahangaika na jambo ambalo kwetu halina siri. Kwenye taarabu mtu hatunzi kwa sababu wimbo ni mtamu. Anatunza kwa sababu ukumbi unamwona akienda mbele na noti juu, kiuno kinacheza. Na akienda mmoja wa pili haketi. Laivu ni hivyohivyo: zawadi inavuta zawadi. Hesabuni wangapi walitoa ndani ya dakika moja baada ya mwenzao kutoa.

#24 Daftari_Jeusi
Nimehesabu, dada. 23 kati ya 41. Na kwenye kusoma majina, 8 kati ya 12.

#25 Mtoto_wa_Tanga
Si nilisema! Zaidi ya nusu. Kesi imefungwa, nileteeni kahawa.

#26 Mkaguzi_Ilazo
Kahawa isubiri kidogo. Dakika zilizokuwa "ndani ya dakika moja baada ya zawadi" zilikuwa ngapi kati ya 120?

#27 Daftari_Jeusi
50. Nyingi ni za mechi na majina.

#28 Mkaguzi_Ilazo
Dakika 50 kati ya 120 ni asilimia 42, na waliotoa humo ni asilimia 56. Hapo dada wa Tanga anaonekana kashinda. Lakini hizo 50 ndizo zilizokuwa na watu wengi. Zina dakika ngapi za kutazama?

#29 Daftari_Jeusi
Kama 3,700.

#30 Mkaguzi_Ilazo
Karibu nusu ya zote. Kwa hiyo hata kama zawadi haivuti zawadi hata kidogo, tungetegemea watoaji 20 au 21 humo, na mmepata 23. Tofauti imeyeyuka. Sisemi kutunzana hakupo, nasema usiku huu hautoshi kukuonyesha.

Kuna na mtego mwingine kwenye majina. Dogo anaanza kusoma majina LINI? Akiona zawadi zinaingia, sivyo? Basi zawadi ndizo zilizoita majina, halafu sisi tunasema majina yaliita zawadi. Ile 7.4 siiamini mpaka ajue kusoma majina kwa saa na siyo kwa furaha.

#31 Mtoto_wa_Tanga
Mkaguzi wewe harusini unakaa na kikokotoo?

#32 Mkaguzi_Ilazo
Nakaa karibu na pilau.

#33 Mwl_Kondoa
Naingilia kidogo. Mmeongelea zawadi tu, na wanachama wa kulipia kila mwezi je? Shemeji yangu yuko Uingereza, anafundisha Kiswahili laivu YouTube. Mwezi mmoja akatangaza kwa furaha wanachama wapya 31. Nikamwomba tuwatazame mmoja mmoja. Ishirini walizawadiwa na mtu mmoja kwa mkupuo wakati wa laivu, wao hawakuamua chochote. Uanachama wa kuzawadiwa unakwisha baada ya mwezi na haujirudii kujilipa. Mwezi uliofuata kati ya wale ishirini walibaki wawili waliolipa wenyewe.

Wengine 11 kati ya wale 31 walijiunga kwa hela yao. Tulipoangalia muda wa kujiunga, 7 hawakuwa laivu kabisa. Walijiunga siku nyingine, usiku, wakiangalia somo lililorekodiwa. Sasa ukikaa kutafuta "sekunde iliyomgusa" ndani ya laivu, hao saba hutawaona.

#34 Daftari_Jeusi
Kwa hiyo mwalimu, mwanachama unampima vipi?

#35 Mwl_Kondoa
Sisi tumeacha kuhesabu waliojiunga, tunahesabu waliolipa mara ya pili. Namba ni ndogo na inachelewa mwezi mzima, lakini haidanganyi. Wawili kati ya wale wanne waliojiunga wakati wa laivu walijiunga pale alipokosea methali akajicheka. Ukinidai nieleze sababu, sina.

#36 Bosi_wa_Mechi
Vijana wangu wote wanajua jibu: tarehe. Mshahara ukitoka, zawadi zinatoka. Dodoma mji wa watumishi huu. Daftari, laivu yako ilikuwa tarehe ngapi?

#37 Daftari_Jeusi
26.

#38 Bosi_wa_Mechi
Nimemaliza.

#39 Kijiwe_Nonga
Buibui kumbe alipanda daraja mwezi huo 😂

#40 Bajaji_Makulu
Watazamaji wake siyo watumishi wa Mtumba tu. Mimi nilimwona mmoja anaandika yuko Muscat. Huko mshahara unajuaje umetoka lini?

#41 Mkaguzi_Ilazo
Tarehe inaweza kupandisha usiku mzima, hapo Bosi yuko sawa. Haielezi kwa nini ndani ya usiku uleule utando upate 14.4 na nyimbo 2.8. Ila na mimi nisiwauzie mbuzi kwenye gunia: watu sita ni wachache mno. Mambo yakiwa vilevile kabisa, usiku mwingine sita anaweza kuwa wawili, anaweza kuwa kumi na tatu. Daftari, umewahesabu upya kwa zile dakika nne?

#42 Daftari_Jeusi
Nimefanya. Kwa waliosema kwenye komenti kwamba wanakwenda kununua koini nimewarudisha nyuma, ni watano. Wawili wametoka kwenye nyimbo wakaingia kwenye majina, Bajaji akiwa mmoja wao. Mmoja ametoka kwenye mechi akaingia kwenye utando. Wengine wawili wamebaki palepale. Kwa hiyo nyimbo 7, majina 14, mechi 13, utando 7.

#43 Bosi_wa_Mechi
Yaani mnaninyang'anya hadi watu wangu wa mechi kwa kurudisha saa nyuma. Hii ni VAR.

#44 Mkaguzi_Ilazo
😂 Daftari, kuangalia nyuma kumefika mwisho wake. Sasa lazima ujaribu. Gawa laivu vipande vya dakika kumi, vipande kumi na viwili. Kabla ya kila kipande rusha shilingi. Ikilala upande wa picha, dogo anasimulia kitu cha ilimba, hata kama hakuna kilichopasuka. Upande wa pili, anapiga bila kusimulia. Asichague yeye, maana atasimulia chumba kikichangamka, na tutarudi kwenye mtego wa majina. Mechi na majina wekeni mwishoni baada ya dakika 120, visiingie kwenye hesabu. Fanya Ijumaa tatu, upate vipande 36.

Dakika mbili za mwanzo za kila kipande zitupe, ndimo zinamoangukia zawadi za kipande kilichopita. Akina Bajaji wa dakika nne bado watakuchafulia, lakini watachafua pande zote mbili.

#45 Mtoto_wa_Tanga
Msanii arushiwe shilingi aambiwe sasa piga, sasa ongea? Atapiga kama redio ya gari. Watu watanusa kwamba hajisikii.

#46 Daftari_Jeusi
Dada ndicho dogo anachosema. Kagoma mara mbili. Nimemwahidi Ijumaa moja ya shilingi, moja ya kwake mwenyewe.

#47 Daftari_Jeusi (wiki mbili baadaye)
Mrejesho wakuu. Ijumaa ya shilingi ilitoa vipande 7 vya kusimulia na 5 vya kupiga. Baada ya kutupa dakika mbilimbili, kusimulia kumepata watoaji wapya 9 kwa dakika 2,900 za kutazama. Kupiga 5 kwa dakika 2,050.

#48 Mkaguzi_Ilazo
3.1 na 2.4. Zinakaribiana mno, huwezi kusema lolote bado.

#49 Daftari_Jeusi
Najua. Ila kuna kitu. Kipande cha tisa shilingi ilisema asimulie, akaanza, katikati ya maneno chuma kimoja cha ilimba kikalegea KWELI. Akanyamaza, akainama, akawa anakikaza kwa meno. Watoaji wanne kati ya wale tisa wametoka hapo, ndani ya dakika tatu.

#50 Mtoto_wa_Tanga
Kwa hiyo siyo kusimulia. Ni kuharibikiwa.

#51 Mwl_Kondoa
Kama methali ya shemeji.

#52 Bosi_wa_Mechi
Au ni watu wa huruma tu. Na huruma haijirudii, ukiharibikiwa kila Ijumaa watakuita tapeli. Mechi iko palepale.

#53 Bajaji_Makulu
Mimi niliona hiyo ya meno. Sikumwonea huruma. Nilitaka tu kuona kama itapiga tena.

#54 Mkaguzi_Ilazo
Bajaji, ulituma zawadi kabla haijapiga au baada?

#55 Bajaji_Makulu
Kabla. Na bado nilikuwa na koini za siku ile, sikwenda kununua.

#56 Mkaguzi_Ilazo
Daftari, kwa wale wengine watatu, angalia kwenye rekodi: kabla au baada?

#57 Daftari_Jeusi
Umeme umekatika tena Chamwino. Nikipata chaji narudi.

#58 Mama_Zabibu_Hombolo
Huyo kijana akihitaji utando wa buibui aje kwangu, stoo ya mizabibu imejaa. Aje bila zawadi.